Ndoto Imekuambia Ufanye Nini?

*Shangazi,*

*Mimi ni kiongozi wa vijana katika kanisa moja la Kisabato huku Nyamira. Sabato ijayo alasiri nimepewa dakika 15 nizungumze na vijana kuhusu ndoto, na wazee hawakuichagua mada hii bure. Tuna binti aliyemaliza kidato cha nne akapata nafasi chuoni Nakuru. Sasa anakataa kusafiri. Mara mbili ameota magokoro wake, tuliyemzika Aprili, amesimama kwenye majani chai akimwita arudi nyumbani, kisha anaona matatu imepinduka. Mtu mmoja wa maombi amemwambia mama yake kwamba hicho ni kifungo cha ukoo, atume shilingi 3,000 kwa simu kikatwe.*

*Mwingine ni kijana wa bodaboda. Anasema usiku anakabwa kifuani na mama mzee jirani yao, uso wake anauona kabisa, na ameanza kumtaja jina kwenye steji.*

*Nikisema ndoto si kitu, wazee watasema nimeikana Biblia, maana Yusufu aliota. Nikisema ni kitu, nitakuwa nimewaongezea hofu. Niseme nini?*

*Kiongozi wa Vijana, Nyamira*

Mwanangu,

Barua yako nimeishughulikia kutoka chini kwenda juu, kwa sababu habari ya huyo kijana wa bodaboda haiwezi kungoja Sabato. Mtafute leo. Mtu anayetaja jina la mama mzee kwenye steji, mbele ya vijana waliokaa juu ya pikipiki wakingoja abiria, hayuko tena kwenye mambo ya ndoto. Mei 2008 watu 11 walichomwa moto hadi kufa huko Kisii kwa kushukiwa uchawi, wengi wao wazee. Oktoba 2021 akina mama wazee wanne waliuawa Marani kwa shutuma hizo hizo. Sisemi mauaji hayo yalianza na ndoto. Ninachosema ni kwamba jina likishafika kwa umati, hakuna anayeuliza lilitoka wapi. Mkumbushe pia kwamba Kenya ina Sheria ya Uchawi tangu 1925, na kwa sheria hiyo anayemwita mwenzake mchawi ovyo, badala ya kupeleka malalamiko yake kwa chifu au polisi, ndiye mkosaji. Kama maneno yameshatapakaa kijijini, wape habari naibu wa chifu na watoto wa huyo mama kabla jua halijatua. Usione haya kuitwa mwoga.

Ukikaa naye, usianze kwa kumwambia anadanganya. Hadanganyi. Kinachompata ni jinamizi, na madaktari wa usingizi wanakifahamu vizuri.

Usingizi wetu huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90. Ndani ya kila mzunguko kuna kipindi ambapo ubongo unachangamka karibu kama wa mtu aliye macho, mboni zinakimbia huku na huku chini ya kope, na ndoto zilizo wazi zaidi hutokea hapo. Ili mtu asiinuke akaanza kupigana na kuta, ubongo huilegeza misuli ya mwili kwa muda huo. Mara nyingine akili huzinduka kabla misuli haijarudishiwa nguvu. Kijana wako anafungua macho, analiona paa la mabati, anaiona jaketi yake ya pikipiki imetundikwa msumarini, lakini kidole hakiinuki. Pumzi haijakatika, kwa sababu msuli mkubwa ulio chini ya mapafu unaendelea na kazi. Ila misuli ya kifua imelegea, hivyo akitaka kuvuta pumzi ndefu anahisi amekaliwa. Na kwa kuwa upande wa ubongo unaoshughulika na hofu umewaka wote, lazima atafutwe aliyemkalia. Mabaki ya ndoto yanampa huyo adui umbo. Shughuli nzima huchukua sekunde kadhaa au dakika chache, kisha inakwisha kama haikuwapo.

Jambo hili si geni wala si la Wakisii pekee. Uchunguzi uliojumlisha tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2011, ulikuta takriban watu 8 kati ya 100 wamewahi kupatwa na hali hii angalau mara moja maishani. Kwa wanafunzi walikuwa 28 kati ya 100. Kundi lako likiwa na vijana 40, basi wapo kadhaa wanaokujua kukabwa na wamenyamaza.

Sasa fika kwenye lile litakalomfaa kijana huyu kuliko mengine yote. Mwili wa binadamu ni ule ule kila mahali, lakini anayemkalia mtu kifuani hubadilika kwa kufuata nchi. Wavuvi wa Newfoundland huko Kanada walimwona kikongwe wa kike. Mwaka 1995 Pemba na Unguja zilitaharuki kwa Popobawa, watu wakawa wanalala nje kwa makundi, na wachambuzi waliolitazama jambo lile baadaye walitambua jinamizi katika visa vingi vilivyosimuliwa. Taharuki hiyo ilimgharimu maisha mtu mmoja mgonjwa wa akili kule Unguja, aliyeuawa kwa kudhaniwa ndiye Popobawa. Kama jinamizi lingekuwa shahidi wa kuaminika, lingetaja mshukiwa wa aina moja duniani kote. Lenyewe linachukua sura ya yule ambaye mahali pale, au nyumba ile, wameshazoea kumwogopa.

Kwa hiyo muulize maswali ya kawaida. Analala saa ngapi na kuamka saa ngapi? Waendesha bodaboda wengi hulala usiku wa manane na kuamka alfajiri kuwahi wachuma majani na wanafunzi, na upungufu wa usingizi ni mlango mkubwa wa jinamizi. Analala chali? Hali hii huwapata zaidi wanaolala chali. Anatafuna miraa jioni ili asisinzie barabarani? Kisha swali la mwisho, na uliulize taratibu: je, nyumba yao na ya huyo mama wana neno, labda la mpaka, au la ng'ombe aliyeingia shambani? Huko kwenu ambako shamba la familia linapimwa kwa hatua, nitashangaa ukikosa kitu. Uso alioletewa usiku huenda ni uso aliokuwa ameukasirikia tangu mchana.

Mpe la kufanya. Alale ubavu, apate usingizi wa saa za kutosha kwa nyakati zisizobadilikabadilika, aache miraa na chai kali jioni. Likimkamata, asipigane kuinuka mwili mzima, kwa maana mapambano huongeza hofu. Atoe pumzi polepole na kuelekeza nguvu zote kwenye kidole kimoja cha mguu mpaka kitikisike. Mwili uliobaki hufuata.

Tukija kwenye hotuba yako, nakushauri uliache kabisa swali la ndoto zinatoka wapi. Hilo ndilo linalokutia kwenye mtego ulioueleza, kati ya wazee wanaosema umeikana Biblia na vijana wanaozidi kuogopa. Wewe uliza jingine: ndoto hii inanitaka nifanye nini, na kitendo hicho kina gharama gani, na nani ataibeba? Hapo utakuwa umeihamisha mizani kutoka kwenye ndoto, ambayo hakuna aliyeiona isipokuwa mwotaji, na kuiweka kwenye tendo, ambalo kila mtu anaweza kuliona na kulijadili mchana.

Watoto wa Nyamira wamekulia kwenye vituo vya kununulia majani chai, basi watumie hilo hilo. Karani akitundika gunia kwenye mizani, haandiki kilo zote zinazosomeka. Anatoa uzito wa gunia kwanza. Ndoto nayo huja ndani ya hofu, na asubuhi hiyo hofu ina uzito mkubwa kuliko kilichomo. Ndiyo maana uamuzi wowote unaotokana na ndoto ungoje angalau siku tatu kabla haujatekelezwa, mpaka moyo utulie na kijana aweze kuisimulia bila sauti kutetemeka. Kinachobaki baada ya hapo ndicho cha kupimwa.

Kuna matendo ambayo ndoto huyadai na gharama yake ni ndogo, tena ni mema hata kama ndoto ni upuuzi mtupu. Umeota mama yako anaumwa, mpigie simu. Umeota ajali, funga mkanda. Haya hayahitaji nabii. Na kuna yale ambayo ndoto ikikosea, hasara haifutiki: kuacha chuo, kuvunja uchumba, kuuza ng'ombe, kutuma pesa, kutaja jina la mtu. Haya hata ndoto mia hazitoshi kuyahalalisha. Lazima yasimame kwa sababu zake yenyewe, zile ambazo mtu asiyeota chochote angezikubali.

Wazee wakikuletea Yusufu, mshukuru Mungu, maana Yusufu yuko upande wako. Soma Mwanzo 41 pamoja nao polepole. Farao aliota ng'ombe wanono wakiliwa na waliokonda. Yusufu alieleza maana, lakini hakumwachia Farao hofu. Alimpa mpango wa mtu anayejua ghala: teua msimamizi, weka akiba sehemu ya tano ya mavuno kwa miaka saba. Hebu ujiulize, mpango ule ungekuwa na hasara gani kama njaa isingekuja? Misri ingebaki na nafaka ghalani. Ni ushauri ambao ungefaa hata Farao angelala usiku mzima bila kuota.

Uweke ushauri huo kando ya jambo lililowahi kupita huko huko kwenu. Mwaka 1913 mtu mmoja wa Alego, Onyango Dunde, alisema joka la Ziwa Viktoria lilimmeza jioni moja likamtapika, kisha likampa maneno ya kuwapelekea watu. Lilijiita Mumbo. Wafuasi waambiwe waache njia za wazungu, wachinje mifugo wamtolee Mumbo sadaka, wasihangaike na kulima, kwa kuwa yeye mwenyewe atawatolea ng'ombe na chakula. Ujumbe huo ulivuka ukaingia Gusii na kupata wafuasi wengi, ukadumu miaka mingi. Serikali ya kikoloni ilikuwa bado inaupiga marufuku mwaka 1954. Usiwacheke watu wale mbele ya vijana. Walikuwa wametoka kuchomewa nyumba na kunyang'anywa mifugo na majeshi ya Waingereza mwaka 1905 na tena 1908, na anayeumia kiasi hicho hupenda kusikia kwamba mwenye nguvu zaidi ya mkoloni anakuja. Lakini waonyeshe ng'ombe wa maono haya mawili. Ya Misri yalimalizikia kwenye akiba ghalani. Ya Mumbo yalitaka uchinje ulichonacho leo, na ng'ombe wa kulipia akabaki ziwani.

Vijana werevu watakuuliza: na ikiwa ndoto imetimia kweli? Kwa hilo unahitaji hesabu kidogo, na uifanye ubaoni waione. Chukua hao vijana wako 40. Tuseme kila mmoja anakumbuka ndoto moja tu kwa wiki. Kwa mwaka mmoja hizo ni ndoto 2,080 kutoka kanisa moja. Tuseme ndoto moja kati ya 20 inahusu kifo, ugonjwa au ajali; hizo zinakuwa 104, yaani mbili kila wiki. Sasa waulize ni wiki ngapi hupita katika lokesheni yenu bila matanga. Watacheka, kwa sababu jibu wanalo. Ndoto za msiba mbili kila wiki, na msiba karibu kila wiki: zitakutana tu, hata kama hakuna mwotaji hata mmoja anayejua lolote. Zile zilizokutana zitasimuliwa miaka kumi. Zile nyingine ambazo hazikukutana na kitu, aliyeziota amezisahau kabla ya kunywa chai.

Anayebisha umpe daftari. Aandike ndoto yake asubuhi ile ile, pamoja na tarehe, na aandike wazi inatabiri nini, kwa nani, na kabla ya lini. Baada ya miezi mitatu alifungue mwenyewe. Ugumu wataukuta mapema: ndoto nyingi hazisemi lolote mpaka jambo likishatokea, ndipo mtu anarudi kuzishona zifanane nalo. Na kama bado kuna anayeshikilia kwamba ya kwake ilitimia neno kwa neno, mfungulie Kumbukumbu la Torati sura ya 13. Pale mwotaji wa ndoto anatoa ishara, ishara inatimia, na bado Waisraeli wanakatazwa kumfuata kama anawapeleka kubaya. Kutimia hakukumpa amri juu yao.

Kuhusu huyo binti wa Nakuru, usimfanye mfano hadharani. Asijikute kanisani akiwa kichwa cha hotuba. Zungumza naye pembeni, akiwa na mama yake, kabla ya tarehe ya kuripoti chuoni.

Muulize alimuuguza nani. Nahisi atakwambia kwamba magokoro alikuwa wake wa kumwogesha na kumpikia uji, maana huko kwenu kazi hiyo humwangukia mjukuu wa kike. Muulize ndoto ya kwanza ilikuja lini, na barua ya chuo ilifika lini. Nitashangaa kama tarehe hizo mbili ziko mbali. Msichana aliyempoteza bibi yake Aprili, ambaye hajawahi kulala mbali na nyumbani ila bwenini, anafunga sanduku kwenda mji asioujua. Bibi anamwita arudi. Mhubiri 5 husema ndoto huja kwa wingi wa shughuli, na sioni shughuli nzito kuliko hiyo. Kuwaota marehemu wetu katika mwaka wa kwanza ni jambo la kawaida kabisa, na mara nyingi aliyeota huamka analia kwa hamu, si kwa hofu. Hofu huingia baadaye, anapokuja mtu wa kumwambia maana yake.

Ninyi Wasabato mnafundisha kwamba wafu wamelala na hawajui neno lolote, hivyo kwa imani yenu wenyewe si magokoro aliyesimama kwenye majani. Mkumbushe hilo, lakini usilitumie kumfunga mdomo. Mwache amlilie. Ukiweza, siku moja kabla ya safari mwende naye kaburini, palizeni nyasi, asimulie jinsi bibi yake alivyokuwa. Akitaka kumuaga kwa sauti, usimsahihishe.

Kisha mpime naye madai ya ndoto moja moja. Inamtaka asiende chuo. Gharama yake ni nafasi ya masomo, ada kama imekwisha kulipwa, na mwaka mzima wa kukaa nyumbani akiogopa. Hiyo hailipwi kwa ndoto. Inamwonyesha matatu iliyopinduka. Hapo kuna kitu cha bei nafuu cha kuchukua, kwa sababu barabara zetu zinaua watu kweli, aliyeota na asiyeota. Asafiri mchana, si usiku. Apande gari lenye mikanda na aufunge. Akiona dereva anakimbiza gari kwenye mteremko au amebebesha watu kupita viti, ashuke Kericho angoje jingine, hata nauli ikipotea. Kaka yake au wewe umsindikize safari hii ya kwanza. Akifanya hivyo, ameichukulia ndoto kwa uzito unaoistahili, wala hakuitii.

Zile shilingi 3,000 zisitumwe. Maombi ya kanisani kwenu hayana malipo, na anayetafsiri ndoto kwa bei ana kila sababu ya kutafsiri vibaya, kwa kuwa ndoto njema hailetewi fedha. Tena hufika wakati ambapo kifungo cha kwanza kimekatwa, kikaonekana cha pili. Mwambie mama haya bila ukali. Yeye anampenda mwanawe na ndiyo maana alikuwa tayari kulipa.

Kwenye kikao chenyewe, katazo langu ni moja. Usiwaalike vijana wasimame kusimulia ndoto zao. Najua jambo hilo litawavutia kuliko lolote utakalosema, na ndiyo hatari yake. Mmoja ataota jina, wa pili atalikumbuka, wa tatu naye ataliota Jumapili. Ndugu zetu Waislamu wana adabu nzuri hapa: mafundisho ya Mtume wao ni kwamba aliyeota ndoto mbaya ajikinge kwa Mungu, ageuze ubavu, na asimsimulie mtu yeyote, nayo haitamdhuru. Hilo la kutosimulia ovyo lingeokoa majirani wengi. Mwenye ndoto inayomsumbua aje kwako au kwa mzee mmoja anayemwamini, baadaye, pembeni.

Na wakija pembeni, sikiliza vizuri, kwa sababu zipo ndoto ambazo si za kuwekwa kwenye mizani yoyote ya kanisa. Msichana anayeota kila wiki kwamba anafukuzwa au anashikwa kwa nguvu, na anaogopa kulala, huenda amefanyiwa jambo akiwa macho. Usimuulize mbele ya wazazi. Ndoto yake si ushahidi dhidi ya mtu, lakini ni sababu tosha ya kumpa nafasi ya kusema. Kwa mtoto, simu ya 116 inapokelewa bila malipo nchini kote. Kijana anayeota kujiua na mchana pia anawaza hivyo, au anayesikia sauti zikimwamuru akiwa macho, mpeleke hospitali siku hiyo, iwe ya rufaa ya Nyamira au ile kubwa ya Kisii, na usimwache peke yake njiani. Wapo pia wanaoota vibaya kwa sababu ya homa au dawa wanazotumia. Hao wasiache dawa, wamweleze daktari.

Kwa ndoto mbaya za kawaida zinazorudi rudi, kuna mbinu ambayo madaktari hutumia na wewe unaweza kuifundisha. Mchana, mtu aiandike ndoto kwa ufupi, kisha abadilishe sehemu yoyote anayotaka. Binti wako, kwa mfano, anaweza kumwandika magokoro akimpa kikapu cha ndizi za njiani. Halafu aikariri ile mpya akilini, dakika 10 hivi kila siku kwa wiki mbili tatu, bila kuigusa ile ya zamani. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001, uliofanywa kwa wanawake waliokuwa wameshambuliwa kingono, ulionyesha ndoto mbaya zikipungua sana kwa njia hii. Haimfai kila mtu, na kwa aliyeumizwa vibaya ifanywe pamoja na mshauri. Lakini karatasi na kalamu havina gharama.

Dakika 15 hazitakutosha kwa yote haya. Anza na hesabu ubaoni, kwa kuwa itawachekesha na kuwaondolea woga. Ng'ombe wa Farao na wa Mumbo wafuate, halafu swali la gharama. Jinamizi ulieleze kwa dakika tatu bila kumtaja mtu wa steji. Yaliyobaki yaache kwa wale watakaokufuata nje.

Bila shaka kuna atakayeinua mkono akuulize kuhusu Ellen White, aliyepata maono yake ya kwanza mwaka 1844 akiwa na miaka 17, na kama yeye alitiiwa, kwa nini sisi tusitii. Mjibu kwamba yeye mwenyewe alitaka maneno yake yapimwe kwa Biblia, na kwamba aliandika na kuchunguzwa na wenzake kwa miaka 70. Kisha umuulize kijana huyo ndoto yake imekaa siku ngapi.

Shangazi